Umetumiwa picha ya paterni na neno "nimekwama": kosa liko safu ya ngapi?

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. Picha ya ukurasa wa kitabu cha kufuma, imepigwa juu ya kitanda usiku, kidole gumba kimefunika kona moja, na chini yake maneno matatu: "Shikamoo anti, nimekwama." Basi. Hakuna mstari uliowekewa alama wala picha ya kazi yenyewe. Anti anaikuza picha kwa vidole, anasoma ukurasa mzima kuanzia juu, kisha anajibu kwa kukisia. Anaeleza kifupisho ambacho binti alikuwa anakijua tangu mwanzo, na lile lililomkwamisha linabaki palepale.

Makala hii inaeleza namna ya kulipata lile lililokwamisha. Tutatumia paterni moja tu, kofia ya mtoto mchanga inayofumwa kwa sindano mbili, kwa sababu ndiyo kazi ambayo wengi huanza nayo: uzi ni kidogo, kazi inaisha kwa siku mbili tatu, na hata kwa joto la Dar es Salaam mtoto anayetoka hospitali bado huvishwa kofia. Ni paterni fupi, lakini ndani yake kuna karibu kila mtego unaomkwamisha mtu.

Kwanza tuelewane maneno. Paterni ni maelekezo yaliyoandikwa ya namna ya kufuma kitu, pamoja na vipimo vyake. Kitanzi ni kile kiduara cha uzi kinachokaa juu ya sindano. Safu ni vitanzi vyote kutoka mwanzo wa sindano hadi mwisho wake. Ukimaliza safu unageuza kazi na kuanza nyingine. Vitanzi vya msingi ni viwili tu. Cha kwanza kinafumwa uzi ukiwa nyuma ya kazi, na usoni kinaonekana kama herufi V; hapa tutakiita kitanzi laini, na kwenye paterni huandikwa `k`. Cha pili kinafumwa uzi ukiwa mbele, na upande unaokutazama kinaacha kinundu; hicho ni kitanzi cha kinundu, na huandikwa `p`. Namba inayofuata herufi ni idadi: `k6` ni vitanzi laini 6. Kisha kuna `k2tog`, yaani vitanzi 2 vinafumwa pamoja kama kimoja, na hapo idadi inapungua kwa 1. Kofia nzima inakamilika kwa hayo matatu.

Wengi husema wanakwama kwa sababu paterni ni Kiingereza. Si kweli, na imani hiyo imewakatisha watu tamaa bila sababu. Mtu anayeongea Kiingereza tangu utotoni akipewa mstari huu hapa chini hauelewi hata kidogo kama hajafundishwa kufuma. Hii ni hati ya mkato, kama fundi nguo anavyoandika daftarini "K 38, M 24, U 32" na yeye mwenyewe akajua ni kifua, mkono na urefu. Herufi zenyewe hazizidi 10, na orodha yake karibu kila mara iko kwenye kitabu hichohicho, ila iko ukurasa wa kwanza au wa mwisho, nje ya picha uliyotumiwa.

Sasa tazama kipande cha paterni yetu. Sehemu ya juu ya kofia, pale inapoanza kufunga kuelekea utosini, imeandikwa hivi:

```
Sizes: newborn (3 months, 6 months)
Cast on 73 (81, 89) sts.
...
Row 1: k1, *k2tog, k6; rep from * to end.  64 (71, 78) sts
Row 2: purl.
Row 3: k1, *k2tog, k5; rep from * to end.  55 (61, 67) sts
Row 4: purl.
Cont to dec in this way until 19 (21, 23) sts rem.
```

Mstari wa kwanza unataja saizi tatu: mtoto mchanga, kisha ndani ya mabano miezi 3 na miezi 6. Mpangilio huo unafuatwa hadi mwisho wa paterni. Anayefuma saizi ya miezi 3 anasoma namba ya kwanza ndani ya mabano kila mahali: anaanza na vitanzi 81, baada ya safu ya 1 anabaki na 71, baada ya safu ya 3 anabaki na 61, na mwishoni 21. Namba nyingine zote hazimhusu. Kabla ya kuanza, azizungushie duara namba zake kwa penseli, ukurasa mzima, kwa maana jicho lililochoka huruka mabano bila mwenyewe kujua, na mtu akafuma mwili wa saizi moja na utosi wa saizi nyingine.

Swali la kwanza si "hujaelewa wapi?"

Ukimuuliza aliyekwama hajaelewa wapi, atakuonyesha mstari aliopo sasa. Hilo ni jibu la kweli, lakini halikusaidii sana, kwa sababu katika kufuma mahali mtu anapokwama mara nyingi sipo alipokosea. Kosa hutokea chini, linafumwa pamoja na safu zinazofuata, na linajitokeza pale tu idadi inapokataa kulingana. Ndiyo maana swali la kwanza liwe la idadi:

"Marahaba mwanangu. Una vitanzi vingapi kwenye sindano sasa hivi?"

"27 anti. Nimehesabu mara mbili. Paterni inasema vibaki 21."

"Unafuma saizi gani?"

"Ya miezi 3."

"Nitumie picha ya kofia yenyewe, uilaze juu ya kitu bapa, sehemu ya juu ionekane vizuri. Na ule ukurasa upige tena mchana karibu na dirisha, uutume kama dokumenti."

Hilo ombi la mwisho lina sababu. WhatsApp hubana picha ya kawaida ili iwe nyepesi, na katika kubana huko vitu vidogo ndivyo vinavyopotea: nyota, mkato, nukta mkato. Katika mstari wa paterni hivyo ndivyo vinavyobeba maana. Nyota ikigeuka kuwa doa, mstari mzima unabadilika. Ukituma faili kama dokumenti, picha inafika na ubora wake.

Sasa una mambo matatu mkononi: idadi aliyo nayo, idadi inayotakiwa, na saizi. Hayo yanatosha kuanza kutafuta, hata kabla picha ya pili haijafika.

Nyota ndogo inayokwamisha wengi

Rudi kwenye safu ya 1: `k1, *k2tog, k6; rep from * to end`. Maana yake ni hii. Fuma kitanzi laini 1. Kisha punguza kimoja kwa kufuma 2 pamoja, ufume laini 6. Halafu rudia kuanzia kwenye nyota mpaka safu iishe. Kinachorudiwa ni kile kilichoandikwa baada ya nyota, yaani `k2tog, k6` peke yake. Kile kitanzi 1 cha mwanzo hakirudiwi.

Fikiria daladala ya Tegeta kwenda Makumbusho. Asubuhi dereva analitoa gari linapolala hadi stendi ya Tegeta, mara moja tu. Baada ya hapo anapiga trip, Tegeta hadi Makumbusho, akigeuza anarudi Tegeta, siku nzima. Hakuna dereva anayerudi kwanza kule gari lilikolala kila anapotaka kuanza trip nyingine. `k1` ni ile safari ya alfajiri. Nyota ni stendi.

Kila trip inakula vitanzi 8: viwili vya `k2tog` na 6 vinavyofuata. Saizi ya miezi 3 ina vitanzi 81. Toa kile kimoja cha mwanzo, zinabaki 80, na 80 kugawa kwa 8 ni trip 10 kamili. Kila trip inapunguza kitanzi 1, kwa hiyo 81 kutoa 10 ni 71. Paterni nayo inasema 71. Hesabu hii fupi ndiyo njia ya kujua kama paterni yenyewe ni nzima au ina kosa la uchapaji, na inachukua nusu dakika. Makosa ya uchapaji yapo, tena hata kwenye vitabu vizuri, lakini usiilaumu karatasi kabla hujaifanyia hesabu.

Sasa tuseme binti alianza kurudia tangu mwanzo wa safu, nyota hakuitilia maanani. Trip yake ikawa `k1, k2tog, k6`, ambayo inakula vitanzi 9. Na hapo ndipo mtego ulipo: 81 kugawa kwa 9 ni 9 kamili. Safu inaisha vizuri kabisa, hakuna kitanzi kinachobaki wala kinachopungua, mkono unasikia kazi imenyooka. Angekuwa anafuma saizi ya mtoto mchanga yenye vitanzi 73, angebakiwa na kitanzi 1 mwishoni na angeshtuka. Saizi ya miezi 6 yenye 89 ingembakishia 8. Saizi ya katikati peke yake inamficha.

Alipunguza mara 9 badala ya 10, akabaki na 72 badala ya 71. Tofauti ya kitanzi kimoja nani anaiona? Safu ya 3 akarudia vilevile: `k1, k2tog, k5` inakula 8, na 72 kugawa kwa 8 ni 9 kamili tena. Akabaki na 63, paterni ikitaka 61. Safu ya 5 akapata 54 badala ya 51. Ya 7 akapata 45 badala ya 41. Ya 9 akapata 36 badala ya 31. Ya 11 akapata 27, na paterni inataka 21. Hapo ndipo aliposhika simu.

Iangalie ile tofauti inavyokua: 1, 2, 3, 4, 5, 6. Kwa anayetafuta kosa hii ni ishara kubwa. Tofauti ikiongezeka kwa kiasi kilekile kila safu ya kupunguza, jua kwamba mtu anasoma mstari vibaya na anarudia kusoma vibaya vilevile. Angekuwa ameangusha kitanzi mara moja tu huko chini, asingefika mbali hivyo: safu ya kupunguza inayofuata ingekataa kulingana mwishoni. Kwa hiyo kabla picha ya kofia haijafika, 27 badala ya 21 imeshakwambia kwamba kosa lilianza safu ya 1, na kwamba linahusu kinachorudiwa.

Picha ya kofia inathibitisha. Pale vitanzi 2 vinapofumwa pamoja, kimoja hulala juu ya mwenzake, na kwa kuwa upunguzaji unakaa mahali palepale kila mara, hutengeneza mstari unaopanda kuelekea utosini. Hesabu mistari hiyo. Kofia iliyofuata nyota ina mistari 10. Ya binti itakuwa na 9. Hilo linaonekana hata kwa simu ya kawaida, ilimradi kofia imelazwa vizuri na mwanga unatoka ubavuni. Mwanga wa flashi unaopiga moja kwa moja hufuta vivuli, na vivuli ndivyo vinavyoonyesha mistari.

Kama idadi inakataa kwa namna nyingine

Si kila anayekwama kwenye mstari huu ana kosa la nyota. Dalili zinatofautiana, na ndizo zinazokuongoza.

Wapo wanaokwamishwa na ule mstari wa mwisho, `Cont to dec in this way`, yaani endelea kupunguza kwa mtindo huu. Mtindo gani? Paterni imeonyesha safu mbili tu na kukuachia uone mwenyewe: safu ya 1 ina `k6` baada ya kupunguza, ya 3 ina `k5`, kwa hiyo ya 5 itakuwa na `k4`, kisha `k3`, `k2`, na ya 11 `k1`. Kati yake kila safu ya shufwa ni kinundu mwanzo hadi mwisho. Anayedhani "mtindo huu" ni kuirudia safu ya 3 kama ilivyo ataingia safu ya 5 na vitanzi 61 akifuma `k2tog, k5`. Atatoa kimoja cha mwanzo zibaki 60, na 60 haigawanyiki kwa 7. Anapiga trip 8 na vitanzi 4 vinabaki mkononi. Ukiambiwa "vinabaki vinne mwishoni," usihangaike na nyota, muulize alifuma `k` ya ngapi.

Na yupo ambaye kitanzi kimeanguka kabla hajafika utosini. Anaanza safu ya 1 na 80 badala ya 81. Trip 9 za kwanza zinakwenda vizuri, ya 10 inakosa kitanzi kimoja. Huyu atasema "kimepungua kimoja mwishoni." Mwambie atafute chini kwenye kofia ngazi nyembamba ya nyuzi za mlalo zisizoshikwa na kitu, kitanzi kilichoanguka kipo mwisho wa ngazi hiyo, na kinapandishwa kwa ndoano ya kroshia, uzi mmoja baada ya mwingine, bila kufumua kofia. Akikwambia kimezidi kimoja na kuna tundu dogo mahali, basi uzi ulibaki mbele ya sindano alipokuwa anatoka kwenye kinundu kwenda kwenye laini, ukahesabiwa kama kitanzi kipya.

Kabla ya kumwambia afumue, mwambie apime

Hapa ndipo wasaidizi wengi hukosea. Wakishaliona kosa la nyota wanaandika "fumua mpaka safu ya 1." Subiri kwanza. Muulize kofia ina upana gani, kutoka ukingo hadi ukingo, juu kidogo ya ile sehemu ya chini inayovutika, ikiwa imelazwa bila kuvutwa.

Kwenye paterni kuna mstari ambao watu huuruka kwa sababu unaonekana kama maelezo ya dukani:

```
Tension: 22 sts and 30 rows to 10 cm on No. 8 needles
```

Huu ndio ukazo, yaani ni vitanzi vingapi vinaingia kwenye sentimita 10 za kazi iliyofumwa. Vitanzi 22 kwa sentimita 10 vinafanya vitanzi 81 kuwa na upana wa karibu sentimita 37. Kichwa cha mtoto wa miezi 3 kina mzunguko wa karibu sentimita 40, na kofia ya kufumwa inatakiwa iwe ndogo kidogo kuliko kichwa ili ishike. Inalingana.

Lakini hiyo `No. 8` ni ya nchi gani? Namba 8 ya zamani ya Uingereza ni sindano ya milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Tena namba za zamani za Uingereza zinahesabiwa kinyume: namba ikikua sindano inakuwa nyembamba. Ni kama geji ya mabati, ambapo geji 28 ni nene kuliko geji 32, na kila aliyewahi kununua mabati analijua hilo. Za Marekani zinakwenda mbele, namba kubwa sindano nene. Kitabu kikiwa cha Uingereza na sindano alizonunua Kariakoo zikiwa zimeandikwa namba 8 ya Marekani, binti amefuata karatasi neno kwa neno na bado amekosea, bila kosa lolote la mkono wake. Ushauri wangu ni kuachana na namba hizo kabisa na kuuliza milimita. Sindano nyingi za sasa zimechapwa milimita kwenye kichwa au karibu na mwisho. Zisipochapwa, kipime kipenyo chake kwa kuangalia ni tundu lipi la kipimio cha sindano linapitisha bila kulegea.

Kwa sindano ya milimita 5 uzi uleule unaweza kutoa vitanzi 18 tu kwa sentimita 10. Hapo 81 inakuwa sentimita 45. Hiyo ni kubwa hata kwa kichwa cha mtoto wa miezi 6, chenye karibu sentimita 43. Kofia ya namna hiyo itateleza hadi machoni, na kurekebisha nyota hakutaiokoa. Huyo ndiye wa kuambiwa afumue hadi mwanzo na aanze na sindano nyingine.

Ukazo unapimwa hivi: laza kazi juu ya meza, weka rula ya shule katikati, mbali na kingo, hesabu herufi V zilizo ndani ya sentimita 10. Usiivute kazi, wala usipime juu ya goti. Wapo wanaoamini kwamba mzoefu hahitaji kupima ukazo. Mzoefu ndiye anayepima, maana anajua mkono wake hukaza au kulegea kutegemea uzi na hata uchovu wa siku. Akipata 20 badala ya 22, kofia yake ya vitanzi 81 ina upana wa sentimita 40 na nusu. Haijaharibika, ila itamfaa mtoto mkubwa zaidi ya yule aliyekusudiwa.

Mtego huu wa nchi mbili uko hata kwenye kroshia, tena mbaya zaidi, kwa kuwa huko ni herufi zinazogongana. `dc` ya Uingereza ni kitanzi kifupi ambacho Wamarekani hukiandika `sc`. `dc` ya Marekani ni kitanzi kirefu ambacho Waingereza hukiita `tr`. Anayechanganya hizo mbili atapata kazi yenye urefu usioeleweka wakati kila safu ina idadi sahihi. Ukiona `sc` popote kwenye ukurasa, hiyo ni paterni ya Marekani.

Turudi kwa binti. Tuseme amepima, ana sentimita 37, na sindano ni milimita 4. Basi kofia yake ni ya saizi sahihi, ina vitanzi 27, na ina vipande 9 vya vitanzi 3 badala ya vipande 10 vya vitanzi 2 na kimoja cha ziada. Hana haja ya kufumua safu 11. Afume safu ya 12 kinundu kama kawaida. Safu ya 13 afume `k1, k2tog` mara 9, abaki na 18. Safu ya 14 kinundu. Safu ya 15 afume `k2tog` mara 9, abaki na 9. Anayefuata nyota angepunguza vile 21 mara moja zaidi na kuishia safu ya 13, kwa hiyo binti ameongeza safu 2. Kwa ukazo wa safu 30 kwa sentimita 10, hizo ni kama milimita 7 za urefu, na hakuna mzazi atakayeziona.

Kisha akate uzi akiacha mkia wa kama sentimita 40, autie kwenye sindano butu ya kushonea sweta, apitishe ndani ya vile vitanzi 9, atoe sindano ya kufumia na kuvuta taratibu mpaka tundu la utosini lifunge. Apitishe mara ya pili kwenye vitanzi vilevile, kwa kuwa mara moja haitoshi kwa kofia itakayofuliwa kila siku. Mkia uliobaki ndio ashonee mshono wa nyuma, kutoka utosini kushuka, na kabla hajaukaza mshono amjibu anti kwa picha moja zaidi, ili mistari ile 9 ihesabiwe ikiwa bado inaonekana yote kwa pamoja.